Mahojiano 23, saa 31 za sauti: nayapangaje kwenye wingu bila kuwaanika watoa habari?

Nanguruwe1:
Wakuu, habari za jioni. Nina mahojiano 23 kuhusu malipo ya korosho mikoa ya kusini: wakulima, viongozi wa AMCOS, watunza ghala na wanunuzi wawili. Jumla ni kama saa 31. Kinasa kimeyapa majina ZOOM0001.WAV hadi ZOOM0029.WAV, maana baadhi ya mahojiano yako vipande viwili.

Nataka yakae Google Drive. Mhariri yuko Dar, anataka kusikiliza sehemu chache tu. Mwenzangu mmoja atanisaidia kunukuu. Watu wanne kati ya hao 23 wamesema majina yao yasitoke kabisa. Nimeanza kubadilisha majina ya mafaili hivi: "Mahojiano mtunza ghala Masasi 14-6-25 saa 4.WAV". Zile GB 15 za bure zimejaa na bado mafaili yamebaki. Naomba utaratibu mzuri kabla sijavuruga zaidi.

FundiSauti:
Mkuu, kwanza simamisha kupandisha. Hilo jina ulilolitoa kama mfano lina shida ambazo zitakugharimu.

Tarehe 14-6-25: ukiwa na mafaili mengi, kompyuta hupanga kwa herufi za mwanzo, kwa hiyo tarehe 14 ya Juni itakaa karibu na tarehe 14 ya Agosti, na mfuatano wa safari yako unapotea. Anza na mwaka: 2025-06-14. "Saa 4" ni ya asubuhi au ya usiku? Wewe unajua leo. Mwenzako anayenukuu akifungua sifa za faili ataona 10:00, atadhani umekosea. Kama lazima uweke saa, andika kwa mfumo wa saa 24 bila nukta mbili: 1000. Nukta mbili, mkwaju na alama ya kuuliza Windows haizikubali kwenye jina la faili, na faili lililopewa jina hilo kwenye mfumo mwingine litakusumbua utakapolishusha.

Lakini kubwa ni "mtunza ghala Masasi". Kwenye ghala moja watunza ghala ni wangapi? Mtu akiona jina hilo na tarehe, hahitaji kusikiliza hata sekunde moja. Jina la faili ndilo linaloonekana kwenye barua pepe ya taarifa, kwenye historia ya kivinjari na kwenye skrini ya simu mezani. Kwa hiyo jina la faili libebe vitu vinne tu: tarehe, mada, namba ya mtu, na kipande.

2025-06-14_korosho_K07_s1

K07 ni mtu wa saba. s1 ni kipande cha kwanza cha sauti. Weka sifuri mbele (K07, siyo K7), la sivyo kwenye programu nyingine K10 itatangulia K7. Usiweke nafasi kati ya maneno, tumia mstari wa chini.

BwanaMtandao:
Naunga mkono. Ila mimi ningetumia herufi tofauti: W kwa wakulima, A kwa AMCOS, G kwa ghala, M kwa wanunuzi. Ukitafuta "G" unapata wa ghala wote mara moja. Kuhusu kushiriki usijipe kazi ngumu: weka "Anyone with the link", mtumie mhariri linki. Linki ya Drive ni ndefu, hakuna binadamu anayeweza kuikisia.

FundiSauti:
Kwamba haikisiki, uko sahihi. Lakini linki hazivuji kwa kukisiwa, zinavuja kwa kutumwa. Mhariri anaibandika kwenye grupu la WhatsApp la chumba cha habari ili mtu wa picha asikilize, na kuanzia hapo kila aliyemo, na kila atakayetumiwa baadaye, anafungua bila Drive kumuuliza yeye ni nani. Wewe mwenyewe hutajua nani kasikiliza.

Herufi za makundi nazo ningeziacha. Wakulima ni wengi, sawa, W inawaficha ndani ya kundi. Wanunuzi ni wawili. Ukiandika M01 umebakiza watu wawili wa kuchagua. Namba moja kwa wote, K01 hadi K23, na kundi la mtu likae kwenye orodha ya ufunguo.

Nanguruwe1:
Orodha ya ufunguo ndiyo ile ya K07 ni nani? Nayo iwe kwenye Drive?

FundiSauti:
Ndiyo, na hapana. Orodha hiyo ina namba, jina kamili, simu, kijiji, kazi yake, na masharti aliyokupa: jina litumike, jina lisitumike, sauti isirushwe, na kadhalika. Mstari mmoja kwa mtu. Iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, au kwenye faili lililofungwa kwa paswedi ambalo haliko akaunti moja na sauti. Maana yote ya K07 inakufa pale orodha na sauti zinapokaa kwenye folda jirani.

Na usizitoe namba kwa mfuatano wa safari. K01 mpaka K05 wakiwa wote wa kijiji cha kwanza, anayejua ratiba yako anajua nani ni nani. Changanya.

Dada_Mnukuzi:
Samahani kuingilia. Mimi vyanzo vyangu vingi ni voisi za WhatsApp, zinaitwa PTT-20250614-WA0004.opus. Je, nirekodi simu moja kwa moja badala yake ili nipate WAV?

FundiSauti:
Dada, hilo ni swali jingine, ila kwa kifupi: ukigeuza voisi ya WhatsApp kuwa WAV, ubora hauongezeki, kinachoongezeka ni ukubwa wa faili tu. Itunze hivyohivyo kama asilia, ipe jina kwa utaratibu huuhuu. Ile 20250614 ni tarehe inayokufaa, WA0004 ni namba ya mfuatano wa siku ile tu. Ukihamisha voisi za siku tofauti kwenye folda moja na kufuta tarehe, utakuwa na WA0004 nne.

BwanaMtandao:
Suala la GB 15 je? Anunue nafasi tu.

FundiSauti:
Anaweza kununua, lakini tuangalie kwanza kinachojaza. WAV ya kawaida ya 44.1 kHz, biti 16, stirio, ni karibu MB 635 kwa saa. Mara saa 31 ni karibu GB 20. Na zile GB 15 ni pamoja na Gmail na picha. Mhariri anayesikiliza kwa bando la simu hawezi kuvuta MB 635 ili apate sentensi mbili.

Weka madaraja mawili. Asilia: WAV jinsi zilivyotoka kwenye kinasa, hazikatwi, hazisafishwi, zinakaa kwenye diski mbili za nje, kila moja sehemu yake. Kazi: MP3 ya mono, kb 64 kwa sekunde, ambayo ni karibu MB 29 kwa saa. Saa 31 zote hazifiki GB 1. Kwa maongezi ya watu wawili inasikika vizuri kabisa. Hizi ndizo zinazopanda wingu. Kwa programu ya ffmpeg ni amri moja:

```
ffmpeg -i ZOOM0007.WAV -ac 1 -b:a 64k -map_metadata -1 2025-06-14_korosho_K07_s1.mp3
```

Hapo `-ac 1` inaunganisha pande mbili kuwa moja, na `-map_metadata -1` inaondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Hii ya mwisho ni muhimu zaidi kwa waliorekodi kwa simu. Voice Memos ya aifoni inaweza kulipa faili jina la mahali uliporekodi, na watu wengi hawalioni mpaka limeshatumwa.

Tahadhari moja: kama ulitumia maiki mbili, moja kwako na moja kwa mtoa habari, usiweke `-ac 1`. Pande mbili zikibaki mbali, anayenukuu anazima upande mmoja pale mlipozungumza kwa pamoja. Ukiibakiza stirio, panda hadi kb 128.

Nanguruwe1:
Maiki ni moja. Ila kuna mahojiano kinasa kilikata chenyewe, sikugusa kitu. Kila kipande ni kama saa moja hivi.

FundiSauti:
Basi angalia mipangilio ya kinasa kwa mahojiano hayo. Vinasa vingi vidogo hukata faili likifika GB 2. Kwa 44.1/16 utafika hapo baada ya saa tatu na dakika kadhaa. Kama kinakata kila karibu saa moja, kiko kwenye 96 kHz biti 24, ambayo inakula GB 2 kwa saa. Maongezi hayahitaji hivyo. Rudisha 44.1 au 48, biti 16. Na maana yake mzigo wako halisi ni zaidi ya zile GB 20 nilizohesabu, ndiyo maana umejaza mapema.

Vipande usiviunganishe. Viite s1 na s2. Ukiviunganisha, muda wa nakala ya maandishi hautalingana tena na asilia, na siku mtu akibisha nukuu utatafuta kwa masaa.

Pia hakikisha saa ya kinasa. Kikikaa bila betri muda mrefu, tarehe hurudi mwanzo wa kiwandani. Linganisha tarehe za mafaili na daftari lako la safari kabla hujabadilisha jina hata moja. Kuanzia safari ijayo, sema mwanzoni mwa rekodi, kwa sauti: "K24, tarehe fulani, kipande cha kwanza." Faili likipoteza jina, sauti yenyewe inajitaja.

MhaririZamuYaUsiku:
Niingie upande wa mhariri, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea hizi kazi. Sihitaji saa 31 zilizonukuliwa. Ninachohitaji ni kupata jibu la swali moja: huyu mtu amesema hivi kweli, na wapi? Nipe K07-s2 00:41:10, nibonyeze nisikie mwenyewe kuanzia nusu dakika kabla mpaka nusu dakika baada.

Kunukuu saa moja ya sauti kwa mkono ni saa nne mpaka sita za kazi. Saa 31 ni zaidi ya saa 120, wiki tatu za kazi kwa mtu mmoja. Kwa hiyo anza na faharasa. Kila mahojiano yapate ukurasa mmoja: muda, na mstari mmoja wa kinachozungumzwa. Mfano:

00:03:20 – alivyopeleka gunia 11, mizani ilivyosoma
00:17:45 – makato ambayo hakuelezwa
00:41:10 – nani alimpigia simu baada ya mnada (NYETI, jina linatajwa)

Halafu nukuu kwa ukamilifu zile sehemu utakazotumia tu, pamoja na swali lako lililotangulia. Swali likikosekana jibu linabadilika sura. "Ndiyo, walitukata" ni jibu la swali gani?

FundiSauti:
Na hapo ndipo kb 64 ya kudumu inapolipa. Ukitengeneza MP3 ya kasi inayobadilika, vivinjari vingine vinakosea kuruka: unabonyeza 00:41:10, kinakupeleka 00:40:30. Amri niliyoweka juu inatoa kasi ya kudumu. Na MP3 ya kazi usiikate ukimya wa mwanzoni, muda wote unasogea.

Kwa kunukuu kwa mkono, oTranscribe inafaa. Inafunguka kwenye kivinjari lakini sauti inabaki kwenye kompyuta yako, haipandi kwao. Esc inasimamisha na kuendeleza, Ctrl+J inaweka muda. Ila maandishi yanahifadhiwa ndani ya kivinjari hichohicho. Ukisafisha data ya kivinjari, yamekwenda. Toa nakala kila unapoinuka.

BwanaMtandao:
Siku hizi kuna Whisper, inaelewa Kiswahili, unaiendesha kwenye kompyuta yako bila intaneti. Saa 31 inamaliza yenyewe, kunukuu kwa mkono ni kupoteza muda.

MhaririZamuYaUsiku:
Kwa faharasa, sawa, inakuonyesha sehemu gani inahusu nini. Kwa nukuu ya kuchapisha, hapana, mpaka mtu asikilize. Kiswahili chetu kinabeba ukanushi kwenye silabi moja au mbili: "alilipwa" na "hakulipwa". Ghalani kuna feni, kuna gari linapakia, silabi hizo zinamezwa, na maandishi yanatoka safi kabisa yakisema kinyume. Namba vilevile, "elfu mbili mia tatu" na "elfu mbili na thelathini" kwa mtu anayeongea haraka. Sehemu zenye ukimya mrefu programu hiyo huweza kurudia sentensi ileile mara nyingi au kuweka maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Ukiona sentensi imejirudia mara tatu, rudi kwenye sauti. Akichanganya Kimakonde ndiyo kabisa.

Kimakonde andika kama kilivyosikika, tafsiri mstari wa chini, na utaje kwenye maandishi aliyetafsiri kwa namba yake. Pasiposikika andika [haisikiki 00:15:02], usijaze kwa kukisia.

Nanguruwe1:
Nashukuru sana. Sasa kushiriki. Mhariri apate sehemu chache, mnukuzi apate nyingi, na wale wanne wasijulikane.

FundiSauti:
Kosa linalowapata wengi ni kupanga folda kwa mada au kwa kijiji. Kwenye Drive, folda ndiyo mlango: chochote kilichomo kinafunguliwa na kila aliyepewa folda hiyo, na faili unaloliburuta humo kesho linachukua ruhusa hizohizo. Kwa hiyo panga kwa anayeruhusiwa kuona:

```
korosho-2025/
  1-kazi/          (wewe peke yako)
  2-kunukuu/       (wewe na mnukuzi)
  3-mhariri/       (wewe na mhariri)
```

Folda mama, korosho-2025, usimpe mtu yeyote. Ukimpa mtu folda mama amepata zote tatu.

Kisha kwa 2 na 3: bonyeza Share, andika barua pepe ya mtu huyo, chagua Viewer, na hapo chini pa General access pabaki Restricted. Mnukuzi anayeandika kwenye Google Docs mpe Editor kwa hati hiyo moja tu, siyo kwa folda. Kisha kwenye Share ya kila faili bonyeza kigurudumu cha mipangilio, ondoa tiki inayowaruhusu wenye haki ya kuhariri kumpa mtu mwingine ruhusa, na nyingine inayowaonyesha watazamaji kitufe cha kushusha na kunakili. Hii ya pili inazuia kushusha kwa bahati mbaya. Mtu aliyekusudia ataweka simu nyingine kando ya spika, na hakuna kitufe cha kuzuia hilo.

Sauti inayokwenda folda 3 iwe kipande kilichotolewa, siyo mahojiano yote. Kwa mfano wa mhariri hapo juu:

```
ffmpeg -ss 00:40:40 -to 00:41:40 -i 2025-06-14_korosho_K07_s2.mp3 -c copy K07_s2_004040.mp3
```

Jina la kipande linabeba muda kilipoanzia, kwa hiyo njia ya kurudi kwenye asilia haipotei.

Wale wanne wasipande hata folda 1 wakiwa wazi. Google hufunga data kwenye mitambo yake, lakini funguo anazo yeye, na anayeingia kwenye akaunti yako anaona kila kitu. Funga kwanza kwa Cryptomator, au kwa 7-Zip ukichagua muundo wa 7z na kuweka tiki ya kuficha majina ya mafaili. ZIP ya kawaida yenye paswedi inaacha majina yakionekana. Paswedi isitumwe njia moja na faili. Na ukiisahau hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo iandike kwenye karatasi inayokaa mbali na kompyuta.

Dada_Mnukuzi:
Na ukitaka kufuta jina kwenye hati kabla ya kumpa mtu? Mimi huwa nafuta kisha natuma.

FundiSauti:
Google Docs inatunza historia ya matoleo. Ukifuta "Bwana fulani" ukaandika K07, kisha ukampa mtu haki ya kuhariri, anarudi nyuma kwenye historia na kulisoma jina. Nenda File, kisha Make a copy, usiruhusu maoni yanakiliwe, na utume hiyo nakala mpya. Historia ya zamani haihami nayo. Halafu itafute ndani yake jina, jina la utani, jina la mke au mtoto, na "yule wa duka la kona". Hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika.

Sauti yenyewe pia inamtambulisha mtu. Kwa wale wanne mpe mhariri maandishi tu, akitaka kuhakikisha akae na wewe asikilize kwenye kompyuta yako.

MhaririZamuYaUsiku:
Hapo naona tofauti. Mhariri anayebeba dhamana ya habari ana haki ya kujua K07 ni nani, angalau mhariri mmoja. Kazi ikishtakiwa siwezi kusema nilisoma karatasi tu.

FundiSauti:
Ana haki ya kujua kama mtoa habari alikubali mhariri ajue. Hilo linaulizwa kabla ya kurekodi na linaandikwa kwenye ile safu ya masharti. Kama alisema "wewe tu", ni wewe tu.

MhaririZamuYaUsiku:
Basi habari hiyo huenda isitoke, na mwandishi aambiwe hivyo mapema.

Nanguruwe1:
Wawili kati ya wanne sikuwauliza kuhusu mhariri. Nitawapigia kesho, kwa simu ya kawaida au nisafiri?

FundiSauti:
Kupiga kunaacha namba yako kwenye rekodi za simu yake. Kama ulishampigia mara nyingi wakati wa kupanga mahojiano, simu moja zaidi haiongezi sana. Kama mlikutana kupitia mtu wa kati, pitia kwake tena.

BwanaMtandao:
Kazi ikishachapishwa, unafuta kila kitu?

MhaririZamuYaUsiku:
Usifute asilia. Anayelalamika hulalamika baada ya miezi.

Dada_Mnukuzi:
Kwa wale wanne mimi ningefuta. Kisichokuwepo hakivuji.

FundiSauti:
Wote mna hoja, na kwa wale wanne jibu langu ni kuwauliza wenyewe. Kinachofutwa bila mjadala siku ya kuchapisha ni ruhusa: fungua folda 2 na 3, toa kila barua pepe. Mtu akiacha kazi kwenye chombo cha habari, ruhusa uliyompa kwenye akaunti yake binafsi inabaki mpaka uiondoe wewe. Na ukifuta faili, linakaa Trash siku 30 kabla ya kwisha lenyewe, kwa hiyo ukitaka liondoke leo, safisha na hiyo.

Nanguruwe1:
Nimeanza na mipangilio ya kinasa: ni kweli kilikuwa 96/24 kwa mahojiano sita. Nimetoa yote Drive, nasubiri diski ya pili nihamishe asilia. Swali moja limebaki: K07 anatajwa kwa jina na K12 kwenye mahojiano yake, dakika ya 22. Faili la K12 liko wazi, hajaomba kufichwa.

FundiSauti:
Basi kwa sauti K12 naye anafungwa, s1 yote. Kwenye faharasa ya K12 weka "00:22:00 – anamtaja K07 kwa jina", na mnukuzi apewe kipande kinachoishia 00:21:30 na kingine kinachoanza jina likishapita. Pitia na wengine wote kwa macho hayohayo. Vijijini watu wanatajana.